Utani wa Kwanza: Kwa Mwanafunzi Mwenye Haya

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kujua ngeli zote, unaandika insha isiyo na dosari, na bado unapokaa na vijana wa Rumonge jioni, karibu na mahali wanapoanika ndagala, unajikuta umenyamaza. Wenzako wanarushiana maneno makali. Huyu anamwambia yule kwamba mtumbwi wake unaelea kwa huruma ya Mungu tu. Yule anajibu kwamba afadhali mtumbwi wake unaelea, kwani wa mwenzake samaki wanautumia kama kaburi. Wote wanacheka. Wewe unatabasamu, unatazama ziwa, na moyoni unasema: nikisema neno kama hilo mimi, litakuwa tusi.

Napenda kukueleza kwa nini hofu hiyo ina msingi, na kwa nini hata hivyo haikupasi kunyamaza milele.

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili kimeyatenganisha vizuri mambo ambayo mwenye haya huyachanganya. Kutukana ni kumvunjia mtu heshima kwa nia ya kumwumiza. Kukejeli na kudhihaki ni kumfanya mtu mdogo mbele ya macho ya wengine. Kusimanga ni kumkumbusha mtu fadhili uliyomtendea ili aone aibu. Kusengenya ni kumsema asipokuwapo. Kutania ni jambo jingine: humtania mtu akiwapo, akisikia, na akiwa na haki ile ile ya kukurudishia. Angalia kwamba nomino zake, mtani na utani, hazimtaji anayecheka na anayechekwa kama watu wa daraja mbili. Mtani wangu ni mtu ambaye mimi pia ni mtani wake. Ukimsema mtu ambaye hawezi kukujibu, kwa sababu ni mdogo kwako, au unamlipa mshahara, au hajui lugha unayoitumia, basi hujamtania hata kama watu kumi wamecheka.

Usawa huo haukuzuka tu. Katika Afrika Mashariki utani ulikuwa, na mahali pengi bado ni, uhusiano unaojulikana baina ya makabila, koo na jamaa. Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, baadaye walikuwa watani. Wanyamwezi, waliotembea na misafara hadi pwani, walipata watani miongoni mwa Wazaramo. Mtani wa namna hiyo anaweza kuingia msibani mwako, akamwiga marehemu, akadai fedha kabla jeneza halijapita, na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi, anayepika, anayebeba maji. Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown, aliyeandika makala mashuhuri kuhusu jambo hili mwaka 1940, aliuona utani kama mchanganyiko wa urafiki na uadui wa kuigiza, ambamo mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumvunjia mwenzake heshima bila mwenzake kukasirika. Mimi naona neno zito hapo ni kuruhusiwa. Mtani wa jadi anazaliwa na ruhusa. Wewe, mgeni wa lugha au kijana mwenye haya miongoni mwa marafiki wa kawaida, huna ruhusa ya kuzaliwa nayo. Sharti upewe, na kazi yako ya kwanza ni kujua inavyotolewa.

Inatolewa hivi: unataniwa wewe kwanza. Siku mojawapo rafiki yako atakuambia kwamba Kiswahili chako kimepigwa pasi mno, kwamba ukisalimia mtu anadhani taarifa ya habari imeanza. Hapo ndipo mlango umefunguliwa, na wengi wenye haya huufunga bila kujua. Wanaona aibu, wanaomba radhi kwa lafudhi yao, au wanaeleza kwa urefu ni wapi walijifunza. Mwenzako hakuuliza swali. Amekupa zawadi, akangoja kuona kama utaipokea. Huhitaji jibu kali. Inatosha kucheka na kuliongeza neno lake: "Na bado sijafika kwenye hali ya hewa." Umejitania mwenyewe, hujamgusa mtu, na umemwonyesha kwamba maneno ya namna hiyo hayakuvunji. Fanya hivyo mara mbili, mara tatu, kwa siku kadhaa. Mwenye haya ana bahati hapa, kwa kuwa kujishusha hakumwii vigumu. Anachojifunza ni kujishusha kwa furaha badala ya kwa huzuni. Ukijisema kwa sauti ya mtu anayejihurumia, wenzako watalazimika kukufariji, na mchezo utakufa.

Sasa tuje kwenye neno lako la kwanza kwa mwenzako. Tuchukue kisa kimoja tukitazame kwa makini. Una rafiki anayefanya biashara ya mawese, na Rumonge ni mji wa mawese kama ulivyo mji wa samaki. Mmekubaliana kukutana saa kumi jioni. Anafika saa kumi na mbili kasoro, kama kawaida yake, na wenzenu wawili wapo. Unataka kumtania.

Unaweza kusema, "Wewe ni mvivu." Sentensi fupi, sahihi kisarufi, na ni mbaya kwa sababu tatu. Kwanza, inasema alivyo, wala haisemi alichofanya. Kitenzi "ni" kikiunganishwa na sifa mbaya humfunga mtu ndani ya sifa hiyo. Pili, inaweza kuaminika. Huenda kweli ni mvivu, huenda baba yake humwambia hivyo kila asubuhi. Tatu, haimwachii njia ya kujibu isipokuwa kukana, na mtu anayekana hadharani tayari ameshindwa.

Sasa sema hivi: "Karibu, kaka. Vipi, Kigoma hawajambo?" Hujamtaja uvivu wala kuchelewa. Umejifanya kuamini kwamba alipitia Tanzania kwa mashua kabla ya kufika hapa. Hakuna mtu barazani atakayeliamini jambo hilo, na huko kutoaminika ndiko kunakolifanya liwe la kuchekesha bila kuchoma. Umetia chumvi mpaka kila mtu ameona kwamba ni chumvi. Umegusa tendo la leo, ambalo kesho linaweza kurekebishwa. Zaidi ya hayo umemwachia mlango wazi kabisa, kwani anaweza kuingia ndani ya hadithi yako na kusema: "Hawajambo, wanakusalimu. Nilikwenda kukununulia ulimi, maana huu wako hatujawahi kuusikia."

Hapo wenzenu watacheka sana, na watakucheka wewe. Unajisikiaje? Nauliza kwa dhati, kwa sababu hii ndiyo dakika ambayo mwanafunzi mwenye haya huiogopa kuliko zote: kidonda chake, yaani unyamavu wake, kimeguswa mbele ya watu. Lakini tazama alivyokigusa. Alitumia kipimo kile kile ulichokitumia wewe, safari isiyokuwapo na bidhaa isiyouzwa. Amekulipa kwa sarafu yako. Ukicheka, biashara imekamilika, na hulazimiki kujibu tena. Wenye haya wengi hudhani kwamba utani ni mashindano na kwamba anayenyamaza mwisho ameshindwa. Sivyo, kumwachia mwenzako neno la mwisho mara ya kwanza ni adabu nzuri, na kutakufanya utaniwe tena kesho kwa upendo.

Kuhusu mambo ya kuchagua, nina msimamo ambao baadhi ya walimu wenzangu huuona mkali. Anza na yale ambayo mtu ameyachagua mwenyewe, au ambayo anayafanya vizuri. Mpishi hodari ataniwe kwa upishi: "Leo tukila tutapona?" Mpishi mbaya asitaniwe kwa upishi hata siku moja, maana kwake hayo ni maelezo tu. Na kwa mwanzo hakuna uwanja ulio salama kuliko mpira. Simba na Yanga za Dar es Salaam huitwa watani wa jadi, na mashabiki wao wapo hata upande huu wa ziwa, kwa sababu Warundi wamecheza huko. Amissi Tambwe aliifungia Simba mabao mengi, kisha akavaa jezi ya Yanga. Saidi Ntibazonkiza aliichezea Yanga na baadaye Simba, huku akipitia Geita Gold katikati. Mambo hayo peke yake yanatosha kuwatania mashabiki wa pande zote mbili mwezi mzima. Shabiki ameichagua timu yake kwa hiari, timu itacheza tena wiki ijayo, na huzuni yake ina tarehe ya kwisha. Mwili wa mtu hauna tarehe hiyo. Umaskini wake hauna. Usimwambie mtu mwembamba kwamba amekauka kama ndagala, hata kama umesikia wengine wakimwambia. Hujui kama wembamba wake ni maumbile au ni njaa.

Hapa inanipasa niseme jambo la sarufi, kwa kuwa ninyi ni wanafunzi na sarufi inaweza kuwasaliti. Kiswahili kina njia ya kumkuza mtu au kumdunisha kwa kubadili ngeli. Mtu akawa jitu, au kijitu; mtoto akawa kitoto au toto. Mwanafunzi akishagundua hila hii huifurahia, akataka kuitumia kwa marafiki. Nawashauri msiitumie kwa watu kwa muda mrefu. Mzaliwa wa lugha akimwita rafiki yake "toto hili" husikika ndani yake mapenzi na miaka kumi ya kujuana; wewe ukilisema, husikika ngeli peke yake, na ngeli hiyo inamwondoa mtu katika kundi la watu. Vivyo hivyo viashiria. "Huyu" ni mtu. "Hiki" au "hili" ni kitu. Dunisha mtumbwi wake, baiskeli yake, redio yake. Sema "kijibaiskeli hiki kinapumua kweli?" nawe utakuwa umecheza na ngeli kwa raha bila kumgusa mwenyewe.

Tena kuna wakubwa. Bibi au babu wa rafiki yako anaweza kukutania sana, akakuita mume wake au mke mwenzake, na unaruhusiwa kumjibu kwa upole, kwa maana baina ya wajukuu na mababu utani ni wa desturi katika sehemu nyingi za eneo letu. Mkwe hataniwi. Baba wa rafiki yako hataniwi. Shemeji hutaniwa, lakini mwache aanze yeye.

Sasa nije kwenye jambo zito, nami nitakaa hapa kidogo.

Rumonge si baraza la vichekesho tu. Mwambao huu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, ndiko mashambulizi ya tarehe 29 Aprili 1972 yalikoanzia, na mauaji yaliyofuata katika nchi nzima yaliwaua watu wengi mno na kuwafanya wengine wengi wakimbilie Tanzania. Watoto wao walizaliwa na kusoma huko, na waliporudi, baadhi yao walikuta mashamba ya wazazi wao yana watu wengine. Wamerudi na Kiswahili cha Tanzania, na Kirundi chao mara nyingine kina lafudhi ya ng'ambo. Utasikia wakitaniwa kwa lafudhi hiyo, wakiitwa Watanzania, nao wakicheka. Utasikia pia neno Mswahili likitumiwa nchini Burundi kwa maana ya mjanja, mtu wa mjini asiyeaminika kwa maneno yake; na mtu wa Buyenzi au wa Rumonge anaweza kujiita hivyo kwa majivuno katikati ya wenzake. Wewe uliyejifunza Kiswahili darasani utajaribiwa kuyaokota maneno hayo, kwa sababu yako karibu na yanachekesha.

Usiyaokote. Si kwa sababu wenyeji hawana ucheshi kuhusu historia yao, bali kwa sababu kicheko hicho ni mali ya waliolipa gharama yake. Neno "Mtanzania" kutoka kwa binamu aliyerudi katika boti ile ile lina maana ya "tulikuwa pamoja". Kutoka kwa jirani anayegombania mpaka wa shamba lina maana ya "rudi ulikotoka". Kutoka kwako lina maana gani? Hakuna ajuaye, na utani unaohitaji tafsiri hauchekeshi. Kuhusu makabila sina haja ya kueleza mengi. Katika nchi jirani ya Rwanda, redio RTLM iliyoanza kutangaza mwezi Julai mwaka 1993 ilipendwa na wasikilizaji wengi kwa muziki wake na mizaha ya watangazaji wake kabla na wakati ilipochochea mauaji. Wanaosema kwamba mzaha ni mzaha tu wangeishi kidogo katika eneo hili.

Lipo jambo la karibu zaidi na la kila siku. Miaka ya hivi karibuni maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za ufukweni hapa Rumonge na kwingineko. Mwenye nyumba akikuambia kwamba sasa anavua samaki akiwa kitandani, cheka naye. Amekupa mzaha wake ili msiba upungue uzito. Wiki moja baadaye ukimwuliza wewe, "Vipi, kitandani wameuma leo?", huenda siku hiyo amehamisha watoto. Maneno ni yale yale. Aliyeyamiliki ni yeye, naye ndiye mwenye kuyatoa tena. Ukitaka kanuni moja ya kukuongoza katika mambo ya maumivu, fuata hii: acha mwenye maumivu aanze kila mara, wala usidhani kwamba aliyeanza jana ameanza na leo.

Utajuaje kwamba umekosea? Wenye haya hujidanganya kwa namna mbili. Baadhi huona ishara ya kosa katika kila kimya. Wengine, kwa kuogopa kutazama usoni, hawaoni ishara yoyote. Kwa hiyo mtazame mwenzako. Dalili iliyo wazi kuliko zote si hasira, ni maelezo. Ulimwuliza kuhusu Kigoma, naye akajibu: "Hapana, nilichelewa kwa sababu mama alikuwa na homa." Ameitoa hadithi yako mezani na kuweka ukweli mahali pake, hawezi kucheza leo. Dalili nyingine ni heshima ya ghafla: jana alikuita kaka, sasa anakuita bwana. Ya tatu ni kuhama lugha. Mlikuwa mnazungumza Kiswahili, naye anawageukia wenzake kwa Kirundi na sauti inashuka.

Ukiona mojawapo, usiseme "nilikuwa natania tu." Katika Kiswahili sentensi hiyo imechakaa, tena inamlaumu aliyeumia kwa kutoelewa. Fuata neno lake la ukweli. "Pole. Mama anaendeleaje?" Inatosha. Kama umegusa jambo zito zaidi, mwambie mkiwa wawili, "Samahani, jana nilivuka mpaka," mara moja, kisha acha. Mwenye haya huomba radhi mara tano, na kufikia mara ya tatu aliyeumia ndiye anayefanya kazi ya kumtuliza aliyemwumiza.

Swali moja hunijia kutoka kwa wanafunzi: je, si afadhali kunyamaza kabisa, kuliko kuhatarisha moyo wa rafiki? Nalielewa, na simlaumu anayechagua hivyo. Lakini kimya nacho husomwa. Katika baraza ambalo kila mtu anataniwa, yule asiyemtania mtu na asiyetaniwa hukaa kama mgeni wa ofisi, na watu huyapima maneno yao mbele yake. Marafiki zako wanaporushiana maneno kuhusu mitumbwi mibovu, wanaambiana pia kwamba wanaaminiana kiasi cha kutozipima sentensi zao. Hofu yako ya kuwa mkatili haitakuzuia kuingia hapo. Ndiyo itakayokufanya utazame uso wa mwenzako kabla na baada ya kusema, jambo ambalo wasemaji hodari wengi wamelisahau.

Ukiwa tayari, chagua jioni ya mbalamwezi. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa zao hazina nguvu ya kuwavuta samaki, kwa hiyo wengi hubaki nchi kavu na wana muda wa kukaa. Usitunge sentensi nyumbani. Ukiitunga utaisema kama shairi la kukariri. Ngoja jambo dogo litokee. Rafiki yako mvuvi, anayejulikana kwa kujisifu, ataanza kueleza ukubwa wa sangala aliyemkosa wiki iliyopita, na mikono yake itazidi kupanuka. Mwache afike mwisho. Kisha msogelee aliye jirani yako, umwombe kwa sauti ambayo wote wataisikia: "Tafadhali sogea kidogo, samaki huyu hatoshi barazani."